Uzi: Chumba chenye dirisha moja, HDRI inaunguza dirisha na pembe zimejaa chenga

Kuta_Nne (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Nina sebule nairenda kwa Blender 4.2, Cycles. Chumba ni mita 4 kwa 5, dari liko mita 2.8, na dirisha ni moja tu, mita 1.5 kwa 1.3. Kamera imeegemea ukuta wa nyuma inatazama dirishani. Mwanga wote unatoka kwenye HDRI ya mchana wenye jua. Ndani sijaweka taa hata moja na sitaki kuweka, maana mteja anataka mwanga wa dirisha peke yake.

`Strength` ya `World` ikiwa 1, chumba ni giza. Nimeipandisha hadi 15 ndipo kuta zikaonekana, ila sasa dirisha limeungua lote. Nje hakuonekani kitu, fremu imemezwa na weupe, na pale jua linapopiga sakafuni kuna doa jeupe lisiloonyesha hata mishipa ya mbao. Wakati huohuo pembe za dari na upande wa kabati zimejaa chenga, na vimulimuli vyeupe vimetapakaa kila mahali. Sampuli ni 3000. Nikiwasha `Denoise`, chenga zinageuka madoa ya ukungu.

Kinachonishangaza ni kwamba picha hiyohiyo ina mwanga mwingi mno na mwanga mdogo mno. Nianzie wapi?

---

HarakaHaraka

Sampuli hizo ni chache kwa ndani ya nyumba, mkuu. Weka 10000, washa `Denoise`, kalale. Asubuhi picha iko safi. Dirisha utalirekebisha baadaye kwenye programu ya picha.

---

mzee_wa_renda

HarakaHaraka, ili chenga zipungue nusu unahitaji sampuli mara nne. Kutoka 3000 kwenda 10000 hata nusu hafiki. Na dirisha lililoungua halirekebishiki baadaye kama amehifadhi PNG, kwa sababu ndani ya faili hakuna kitu zaidi ya weupe.

Kuta_Nne, kabla sijasema lolote nijibu mambo matatu. Dirisha lina kioo, na kama lipo, nyenzo yake ni ipi? Rangi ya kuta umeweka namba gani? Na kwenye `Color Management`, `View Transform` ni ipi?

---

Kuta_Nne

Kioo kipo. Ni kipande chembamba chenye unene wa milimita 6, nyenzo ni `Glass BSDF`. Kuta ni nyeupe kabisa, 1.0 kote. `View Transform` ni `Standard`, kwa sababu mteja ametoa rangi ya ukuta mmoja wa kijani na kwa `Standard` inatoka kama alivyoitoa.

---

Binti_Pikseli

Naomba nijiunge hapa maana nina ugonjwa unaofanana. Mimi nilisoma mahali kwamba dawa ya vimulimuli ni kuzima `Reflective` na `Refractive` chini ya `Caustics`. Nilipozima, vimulimuli vilikwisha kweli, lakini chumba kikawa cheusi kabisa, ingawa kupitia dirisha naona nje vizuri tu. Nikadhani HDRI imeharibika.

---

mzee_wa_renda

Binti, HDRI yako ni nzima. Kilichokupata ndicho kinachomsumbua mwenye uzi, ila kwako kimejionyesha waziwazi, kwa hiyo nianze nacho.

Cycles inafuata miali kuanzia kwenye kamera. Mwali ukifika ukutani, injini inajaribu kurusha mwali wa kivuli moja kwa moja kuelekea mahali penye mwanga, kuuliza kama njia iko wazi. Mwali huo ndio unaoleta picha safi haraka. Lakini ukikutana na `Glass BSDF` unahesabiwa kuwa umezibwa, kwa sababu kioo kinapinda mwanga na injini haiwezi kujua mapema njia iliyopindwa inaelekea wapi. Kwa hiyo kwa mwali wa kivuli, dirisha lenu limejengewa ukuta.

Inabaki njia ya pili: mwali unadunda ovyo kutoka ukutani na kwa bahati unapita kwenye kioo na kutoka nje. Njia hiyo ndiyo Cycles inayoiita `Caustics`. Binti aliifunga, giza likaingia. Kuta_Nne ameiacha wazi, anaishi kwa bahati. Sasa pimeni bahati hiyo. Chumba cha mita 4 kwa 5 kwa 2.8 kina nyuso za jumla ya kama mita za mraba 90, na dirisha ni chini kidogo ya 2. Yaani katika midundo 100 ovyo, takriban miwili tu ndiyo inayopata dirisha, na ndani ya hiyo miwili ni mmoja mmoja sana unaogonga jua lenyewe, ambalo kwenye HDRI ni pikseli chache zenye thamani kubwa kupindukia. Huo mmoja ukigonga, unapata kimulimuli. Iliyobaki ikikosa, unapata chenga.

Jaribio ni dogo: ficha kioo, usiguse kingine, renda kwa sampuli 200. Kisha rudi utuambie.

---

nodi_moja

Si lazima akitoe kioo. Chukua nodi ya `Light Path`, toa `Is Shadow Ray` uipeleke kwenye `Factor` ya `Mix Shader`, juu `Glass BSDF`, chini `Transparent BSDF`. Mwali wa kivuli utapita, kamera itaendelea kuona kioo. Mimi nimetumia hivyo miaka yote.

---

mzee_wa_renda

Inafanya kazi, ila ina mashimo mawili. La kwanza, miali inayodunda ovyo bado inapita kwenye kioo kwa njia ya zamani, kwa hiyo mwanga uleule unaingia kupitia milango miwili na vimulimuli vinabaki. Ukiongeza `Is Diffuse Ray` na kuviunganisha kwa nodi ya `Math` iliyowekwa `Maximum`, shimo hilo linazibika.

La pili ni baya zaidi kwa kesi hii. Mwali wa kamera ukishapita kwenye `Glass BSDF` hauhesabiwi tena kuwa mwali wa kamera. Tutakuja kuuhitaji uhesabiwe hivyo tutakapotenganisha nje inayoonekana na nje inayoangaza.

Kwa dirisha la kawaida, lisilo la kioo kinene cha mapambo, mimi natumia bapa moja lisilo na unene, uso wake ukielekea ndani ya chumba. Nyenzo ni `Transparent BSDF` na `Glossy BSDF` kwenye `Mix Shader`, na `Factor` inatoka kwenye nodi ya `Fresnel` yenye `IOR` 1.45. Mwanga unapita bila kupindwa, mwali wa kivuli unapita, kamera inabaki kamera, na bado unapata mng'ao hafifu wa kioo. Uso ukigeuzwa nje, `Fresnel` inahesabu kana kwamba unatazama ukiwa ndani ya kioo, na pembeni dirisha litageuka kuwa kama la kujitazamia. Ukiona hivyo, geuza uso wa bapa kabla ya kugusa nyenzo.

---

Dari_Nyeupe

Kwa nini hakuna aliyetaja `Portal`? Zamani tulikuwa tunaziweka kila dirisha. Ingawa siku hizi hazina maana tena, injini inajua yenyewe dirisha liko wapi. Mimi sijaweka hata moja tangu 2018.

---

mzee_wa_renda

Dari_Nyeupe, nadhani unatumia V-Ray. Hapo uko sahihi: tangu V-Ray Next, mwanga wa kuba unajifunza wenyewe sehemu za mbingu zinazofika ndani. Cycles haina kitu hicho. Yenyewe inapoamua irushe wapi mwali wa kivuli, inaangalia ramani ya HDRI ipo angavu wapi, haiangalii kama kati yake na ukuta kuna tofali. Miali mingi inakwenda kwenye mbingu ambayo chumba hakiioni kabisa, hata kama kioo umekitoa.

`Portal` inatatua hilo. Weka taa ya `Area`, ipe vipimo vya uwazi wa dirisha, 1.5 kwa 1.3, iweke kwenye usawa wa fremu, na kile kistari kinachotoka katikati yake kielekee ndani. Kisha tia alama kwenye `Portal`. Haitoi mwanga wake. Inaiambia tu injini kwamba mbingu inapatikana kupitia hapa. Ukiigeuza nje haisaidii kitu, na hutapata onyo lolote, picha itabaki na chenga zilezile. Mwenye madirisha zaidi ya moja aweke kwenye yote, na mlango ulio wazi pia, maana uwazi usio na `Portal` utaendelea kuleta chenga.

Kila sampuli inaweza kuchukua muda mrefu kidogo kuliko mwanzo. Usilinganishe kwa idadi ya sampuli, linganisha kwa dakika.

---

nodi_moja

Kwa wenye jengo zima: chagua taa zote za madirisha, bandika hii kwenye `Text Editor`, endesha.

```python
import bpy
for o in bpy.context.selected_objects:
    if o.type == 'LIGHT' and o.data.type == 'AREA':
        o.data.cycles.is_portal = True
```

---

Kuta_Nne

Nimerudi. Nimeficha kioo, nikaweka `Portal`, sampuli 200. Wakuu, siamini. Chenga za ukutani zimepungua kuliko zile za sampuli 3000. Na chumba kimepata mwanga zaidi, hata nimelazimika kushusha `Strength`. Bapa la kioo la mzee nalo nimeliweka, halijaharibu kitu.

Lakini dirisha bado limeungua, na doa la jua liko palepale. Nikishusha `Strength` hadi dirisha lipone, chumba kinazama gizani.

---

HarakaHaraka

Hilo nalijua. Rudisha `Strength` iwe 1, halafu pandisha `Exposure` kwenye `Color Management`. Mwanga wa asili, dirisha haliungui.

---

mzee_wa_renda

Nusu ya ushauri huo ni mzuri. `Strength` irudi 1 kweli, nitasema kwa nini. Lakini dirisha litaungua vilevile, kwa sababu `Strength` na `Exposure` zote mbili zinazidisha picha nzima kwa namba moja. Dirisha likiwa mara 60 ya ukuta, litabaki mara 60 ya ukuta, uzidishe mwanzoni au mwishoni.

Tatizo lako sasa si wingi wa mwanga, ni uwiano. Fanya hivi: `Strength` 1, `Exposure` 0, renda, kisha kwenye dirisha la picha bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya na ukishikilie juu ya pikseli. Chini utaona thamani halisi, kabla ya kugeuzwa kwa ajili ya skrini. Nisomee tatu: anga dirishani, ukuta wa pembeni katikati, na doa la jua.

---

Kuta_Nne

Anga: kama 1.5. Ukuta: 0.025. Doa la jua sakafuni: 1.9.

---

mzee_wa_renda

Vizuri, sasa tunaongea kwa namba. 1.5 kwa 0.025 ni mara 60, karibu stopu sita. Hakuna kilichoharibika hapo. Chumba halisi chenye dirisha moja kiko hivyohivyo, ndiyo maana wapiga picha za nyumba hupiga picha kadhaa za mwanga tofauti na kuziunganisha.

Ukuta mweupe unataka uonekane mahali fulani kama 0.4. Kutoka 0.025 hadi 0.4 ni mara 16, yaani `Exposure` ya 4. Anga nayo inakuwa 24, na doa la jua 30. `Standard` inakata kila kilicho juu ya 1, kwa hiyo vyote viwili vimekatwa kikatili, pamoja na kingo za fremu. `AgX` na `Filmic` zinabeba hadi 16 na kidogo, na zinafika huko kwa mteremko. Kubadilisha peke yake kutaiponya fremu, na mishipa ya mbao itaanza kuonekana kwenye kingo za doa. Lakini 24 na 30 bado ziko nje. Ukitaka kuona kwa macho, badilisha `View Transform` iwe `False Color` kwa muda: palipo peupe ndipo palipopita, pekundu panakaribia, kijivu ni katikati.

Kwa hiyo lazima uwiano wenyewe ushuke, na kuna mahali pawili pa kuushusha.

Anga kwanza. Kwenye `World` weka nodi mbili za `Background`, zote zikilishwa na HDRI ileile. Ziunganishe kwa `Mix Shader`, na `Factor` itoke kwenye `Is Camera Ray` ya `Light Path`. Ya juu ndiyo inayoangaza chumba, iache 1. Ya chini ndiyo inayoonwa na kamera, iweke 0.25. Anga ya dirishani inakuwa 0.375, ukizidisha kwa 16 unapata 6, na hapo `AgX` inaonyesha mawingu na rangi ya mbingu bila shida. Chumba hakipotezi mwanga wowote. Hapa ndipo lile bapa linapolipa. Kwa `Glass BSDF` kamera ingeendelea kuona ile 24.

Pili, doa la jua. Kati ya HDRI na ile `Background` ya juu, pitisha rangi kwenye `Vector Math` iliyowekwa `Minimum`, na upande wa pili uandike 5, 5, 5. Mawingu hayaguswi, lakini pikseli za jua zenye maelfu zinashushwa hadi 5. Jua limeondoka kwenye HDRI. Kisha ongeza taa ya `Sun`, ielekeze palepale jua lilipokuwa, `Strength` anza na 5, na upime doa tena hadi lisome kama 0.4. Mara 16 ni 6.4, liko salama. Faida ya pili ni kwamba taa ya `Sun` injini inaijua ilipo, kwa hiyo chanzo kikubwa cha vimulimuli kimekwisha. Kwa kuwa jua sasa ni dogo, ukuta utapoteza kidogo mwanga uliokuwa ukidunda kutoka sakafuni. Ongeza `Exposure` kwa robo au nusu stopu na upime upya.

---

Jicho_Kamera

Mimi ni mpiga picha, sirendi, ila nasoma kwa hamu. Naomba kupinga kidogo. Picha nyingi za aina hii ninazoziona, dirisha limesawazishwa na ukuta hadi nje inaonekana kama bango lililobandikwa. Jicho linajua kwamba nje kuna mwanga zaidi. Acheni dirisha liwe stopu tatu au nne juu ya ukuta, na sehemu ya anga karibu na jua iache iungue. Hiyo ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba mwanga unatoka hapo.

---

mzee_wa_renda

Hatupingani. 6 kwa 0.4 ni mara 15, karibu stopu nne. Ukishuka chini ya 0.1 kwenye ile `Background` ya pili ndipo bango lako linapoanza.

Niongeze jambo linalowaumbua wengi: mwakisi. Kamera inaona anga ya 0.25, lakini sakafu iliyong'arishwa na kioo cha kujitazamia vinaakisi anga ya 1 kamili. Ukitazama sakafu kwa mshazari kuelekea dirishani, mwakisi wa dirisha unaweza kuwa mwangavu kuliko dirisha lenyewe, jambo lisilowezekana duniani. Ukiliona, ingiza na `Is Glossy Ray` kwenye ile `Factor` kwa `Maximum`. Bei yake ni kwamba vitu vya chuma ndani vitapoteza uhai kidogo. Mimi huamua kwa kutazama, sina kanuni.

---

Binti_Pikseli

Na mimi nimetoa kioo, nimewasha tena `Caustics`, chumba kimefunguka. Asante mzee. Swali: kwa nini usiweke tu taa kubwa ya `Area` dirishani, isiyo `Portal`, ikamulika ndani? Haitakuwa na chenga kabisa.

---

mzee_wa_renda

Unaweza, na kwa kazi za haraka nimeitumia. Shida ni kwamba `Area` inamulika kila upande kwa rangi moja, wakati mbingu halisi ni ya samawati kwa juu na ya joto karibu na ardhi. Dari hupata mwanga uliodunda kutoka ardhini nje, sakafu hupata mwanga wa anga. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya chumba kionekane cha mchana. Ukiitumia, izime `Glossy` kwenye `Ray Visibility`, vinginevyo kila kitu king'aacho kitaakisi mstatili mweupe.

---

Kuta_Nne

Nimefanya yote. Dirisha limepona, mawingu yanaonekana, mbao zinaonekana ndani ya doa la jua. Sampuli 800 na ni safi kuliko ile ya 3000. Vimebaki vimulimuli vichache karibu na taa ya chuma ya mezani, na nyuma ya kabati bado kuna chenga. Na ulisema utaeleza kwa nini `Strength` irudi 1.

---

mzee_wa_renda

Ni kwa sababu ya `Clamping`. `Indirect Light` inakuja ikiwa 10, maana yake mchango wowote wa mwanga uliodunda ukizidi 10 unakatwa. Hesabu hiyo hufanyika kabla ya `Exposure`. Ulipokuwa na `Strength` 15, ile 10 ilikuwa inakata mwanga halali wa chumba, hivyo ulikuwa unapandisha `Strength` na sehemu ya nyongeza inatupwa. Sasa kwa `Strength` 1 na `Exposure` 4, mambo yamegeuka: 10 kwenye skrini ni 160, yaani kimulimuli cha 160 kinaruhusiwa kupita. Igawe kwa 16, weka kama 0.6. Vile vya karibu na taa ya chuma vitakwisha. `Direct Light` iache 0, ukiikata hiyo unaharibu jua.

Baada ya kuweka 0.6 linganisha dari kabla na baada kwa kusoma pikseli. Ikiwa limepungua mwanga waziwazi, umekata mno. Pandisha hadi 1.

Nyuma ya kabati: zile kuta za 1.0. Ukuta wa 1.0 haumezi mwanga hata kidogo, kila mdundo unarudi wote, kwa hiyo mwali unazunguka hadi kikomo cha midundo kiukate. Rangi nyeupe halisi ya ukutani iko karibu na 0.8. Kwa 0.8, baada ya midundo minne imebaki 0.41, baada ya minane 0.17. Maana yake `Diffuse` ya 4 inayokuja na programu inakutupia mwanga mwingi wa pembeni, iweke 8. Kutoka 8 kwenda 16 hutaona tofauti inayostahili muda.

---

Dari_Nyeupe

Hapo nakubaliana, hata kwetu ni hivyo. Kuta za 1.0 zinafuta vivuli vya pembe, chumba kinaonekana kama hakina uzito.

---

Kuta_Nne

0.6 imeondoa vimulimuli vyote, na dari halijabadilika. Kuta 0.8, `Diffuse` 8, nyuma ya kabati kuna afadhali kubwa ingawa si safi kabisa. Je, `Path Guiding` inasaidia hapo?

---

mzee_wa_renda

Inasaidia hasa mahali kama hapo, ambapo mwanga unafika baada ya midundo miwili mitatu. Ipo tangu Blender 3.4, lakini ni kwa CPU tu. Kama unarenda kwa GPU, kuhamia CPU kwa ajili ya kona moja ya kabati sioni faida. Acha `Denoise` imalizie. Sasa ina kazi ndogo, na ukiziacha `Albedo` na `Normal` kwenye `Passes` haitapaka ukungu. Hifadhi OpenEXR, si PNG, ili `Exposure` uweze kuibadilisha bila kurenda tena.

---

Kuta_Nne

Kimebaki kimoja. Kwa `AgX` ule ukuta wa kijani wa mteja umepauka. Ameuona na ameuliza.

---

nodi_moja

Jaribu `Look` ya `Medium High Contrast`, inarudisha rangi kidogo. Au `Filmic`.

---

Jicho_Kamera

Mwambie mteja rangi ya kopo na rangi ya ukuta ulio mbali na dirisha si kitu kimoja. Hata kamera yangu haitampa kijani kile.

---

mzee_wa_renda

Jicho, mteja huyo hatakubali, nimekutana nao wengi. Mimi huongeza ukolezi wa rangi ya ukuta kwenye nyenzo hadi skrini ifanane na sampuli yake, kisha naangalia kama kijani hakijaanza kumwagikia dari, maana ukikoleza nyenzo unakoleza na mwanga unaodunda. Kuna wanaopendelea kufanya hivyo baada ya kurenda, kwa barakoa ya `Cryptomatte` juu ya ule ukuta tu. Dari linabaki salama, lakini ukuta unaweza kuonekana umepakwa juu ya picha. Kuta_Nne, jaribu zote mbili kwa picha ndogo na utuwekee hapa tuzitazame.

---

Binti_Pikseli

Na mwenye kutaka kamera itembee ndani ya chumba hicho? Kwangu `Denoise` inachezacheza kwenye dari kutoka fremu hadi fremu.

---

mzee_wa_renda

Kwa kamera inayotembea, sampuli zinazotosha picha moja hazitoshi. Anza kwa kuzipandisha hadi dari litulie kabla ya `Denoise` kuwashwa. Zaidi ya hapo ningependa kumsikia mtu anayefanya video kila siku, mimi ni wa picha tuli.